Barua ya Kufunga Akaunti ya Benki

Kutoa fedha zote kwenye akaunti si kuifunga. Akaunti iliyobaki na salio sifuri bado iko hai katika vitabu vya benki: makato ya mwezi yanaweza kuendelea, na agizo la malipo ya kudumu hujaribu kulipa kila tarehe yake inapofika. Likikosa fedha, benki nyingine hutoza faini. Kinachoifunga akaunti ni agizo la mwenyewe, na namna ya kulitoa yenye ushahidi ni barua.

Agizo la kudumu ni maelekezo ambayo mteja huipa benki yake ilipe kiasi fulani kwa mtu au taasisi fulani kila mwezi. Kwa kuwa lilitolewa na mteja, ni yeye anayelisimamisha. Kumweleza mwenye nyumba kwamba akaunti inafungwa hakulifuti. Ni tofauti na makato yanayoombwa na mlipwaji mwenyewe, kama kampuni ya bima, kwa idhini ya mteja. Kwa hayo, mlipwaji pia huandikiwa, asije akaendelea kuyaomba.

Chukua mfano wa mwalimu aliyehamia mkoa mwingine na kufungua akaunti mpya huko. Akaunti ya zamani ina shilingi 412,000 na maagizo mawili: 50,000 za SACCOS kila tarehe 5, na 120,000 za kodi ya nyumba ya wazazi wake kila tarehe 28. Kwanza anampelekea mwajiri namba ya akaunti mpya na kusubiri mshahara mmoja uingie huko. Mshahara ukitumwa kwenye akaunti iliyokwisha kufungwa hurudishwa ulikotoka, na mwenyewe hukaa akiusubiri.

Anaandika barua tarehe 3 Juni. Hatua ya kufikiria sana ni siku ya kufunga. Mwaka huo tarehe 28 Juni ni Jumamosi, na benki yake hulipa siku ya kazi inayofuata, yaani Jumatatu tarehe 30. Akiomba akaunti ifungwe tarehe 30, kodi inaweza kukwama. Kwa hiyo anachagua Ijumaa, tarehe 4 Julai: kodi ya Juni itakuwa imelipwa, na mchango wa SACCOS wa Julai utaanza kutoka benki mpya. Kiini cha barua kinakuwa hivi:

"YAH: KUFUNGA AKAUNTI NA KUSIMAMISHA MAAGIZO YA KUDUMU. Naomba akaunti yangu iliyotajwa hapo juu ifungwe tarehe 4 Julai. Agizo la shilingi 50,000 kwa SACCOS lilipwe kwa mara ya mwisho tarehe 5 Juni, na la shilingi 120,000 kwa mwenye nyumba lilipwe kwa mara ya mwisho kwa mwezi wa Juni. Baada ya hapo yote mawili yafutwe. Salio lihamishiwe akaunti yangu mpya. Naomba taarifa ya mwisho ya akaunti hadi siku ya kufungwa, pamoja na uthibitisho wa maandishi kwamba akaunti imefungwa na kwamba hakuna agizo la kudumu lililobaki."

Juu ya barua huwekwa jina kamili, namba ya akaunti na tawi. Sahihi lazima ifanane na ile iliyo kwenye kumbukumbu za benki. Akaunti ya watu wawili husainiwa kama ilivyokubaliwa wakati wa kuifungua. Huambatanishwa nakala ya kitambulisho, kadi na hundi ambazo hazijatumika. Barua hupelekwa nakala mbili, na moja hurudi na mwenyewe ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Benki inaweza pia kumtaka ajaze fomu yake. Hata hivyo barua hubaki kama ushahidi wa alichoomba.

Taarifa ya mwisho ikifika, husomwa mstari kwa mstari. Kwa mwalimu huyu, 412,000 ukitoa 50,000 na 120,000 hubaki 242,000. Makato ya mwezi ni 2,000 na ada ya kufunga akaunti ni 10,000, hivyo 230,000 ndizo zinazohamishwa, na mstari wa mwisho unasoma 0. Kiasi hichohicho kinapaswa kuonekana kwenye akaunti mpya. Mstari wa mwisho usiposoma sifuri, au ukiwa na tarehe iliyotangulia siku ya kufunga, hiyo ni taarifa ya kawaida tu na akaunti huenda bado iko wazi.

Uthibitisho ukichelewa, benki huandikiwa tena kwa kutaja tarehe ya muhuri. Isipojibu, malalamiko hupelekwa kwenye kitengo chake cha malalamiko, kisha, kwa Tanzania, Benki Kuu. Nakala yenye muhuri, taarifa ya mwisho na barua ya uthibitisho huhifadhiwa pamoja, kwa maana deni likidaiwa baadaye kwa jina la akaunti hiyo, hizo ndizo zitakazojibu.