Rezime ya dosye: namna tuliomba vitabu 96

Bandugu, mimi niko na lisansi ya agronomi, lakini mwaka huu kazi iliyonipa jasho haikuwa ya shamba. Ilikuwa paragrafu moja. Biblioteke ya kartye yetu, mu komini ya Katuba huku Lubumbashi, ilikuwa inatafuta msaada wa vitabu vipya, na komite ikanipa mimi kuandika rezime: ile paragrafu ya kwanza ya dosye. Mufadhili anapokea dosye nyingi, kwa hiyo rezime njo inaamua kama atasoma zingine kurasa ao ataweka pembeni.

Mara ya kwanza niliandika hivi: «Vijana wetu wanakosa vitabu, na elimu ni ufunguo wa maendeleo. Tunaomba vitabu vya aina yote ili kuinua kiwango cha masomo.» Jibu lilikuja fupi: hawakuelewa tunaomba nini. Nilikasirika, lakini nikisoma tena nikaona wako na haki. Maneno yale biblioteke yoyote ingeweza kuyatuma.

Mu agronomi, hauambii mtu anunue mbolea mbele ya kupima udongo. Sisi tuliomba bila kupima. Tulifungua kaye ya kuazima, lakini kaye ile inaonyesha tu vitabu vilivyoko. Mwanafunzi aliyeuliza kitabu cha kemia akakikosa, akarudi kwao, hakuna mahali jina lake linaandikwa. Basi tukafungua kaye ingine. Kwa majuma 4, kila mtu aliyeuliza kitabu aliandikwa: ameuliza nini, amepata ao amekosa. Maombi yalikuwa 265, na 212 yalikosa. Ni kusema watu 8 kati ya 10 walirudi mikono mitupu. Tena kaye ilitushangaza: sisi wa komite tulifikiri shida ni vitabu vya masomo peke yake, kumbe wazazi walikuwa wanauliza hadithi za Kiswahili juu ya watoto wadogo.

Kisha tukafanya bajeti, na rezime nikaiandika mwisho kabisa. Ukiianza mbele, bajeti itabadilika nyuma yako, na jumla ya rezime haitalingana na ile ya ukurasa wa bajeti. Mufadhili akiona hesabu mbili, anaacha kuamini zote. Dosye yenyewe ilikuwa ya Kifaransa. Mu Kiswahili rezime inasema hivi:

«Biblioteke yetu ya Katuba, Lubumbashi, inafunguliwa siku 5 kwa juma na iko na wasomaji 140 walioandikishwa. Kwa majuma 4 tuliandika maombi 265 ya vitabu. 212 yalikosa kitabu. Kati ya hayo, 131 yalikuwa ya vitabu vya masomo vya miaka 2 ya mwisho ya sekondari, na 38 ya hadithi za Kiswahili za watoto. Tunaomba dola 1.600 za kununua, kusafirisha na kufunika vitabu 96: 64 vya masomo na 32 vya hadithi. Kartye itatoa rafu na mtu wa kulinda vitabu. Kisha miezi 6 tutarudia hesabu ileile: tunataka wanaokosa wasipite 4 kati ya 10.»

Angalieni dola zile: vitabu 96 kwa dola 14 kila kimoja ni 1.344, usafiri 160, plastiki na lebo 96. Jumla 1.600. Rezime inataja jumla tu. Sehemu zake ziko mu bajeti.

Sentensi ya mwisho njo ilitugombanisha. Mwenzangu mumoja alitaka tuahidi kwamba wanafunzi wengi watapita egzame deta. Nilikataa. Kupita kunategemea mwalimu, minerivali, hata njaa. Sisi tunaleta vitabu tu. Tena hatukuahidi kwamba hesabu ya wanaokosa itashuka tu hivi hivi, kwani vitabu vikifika, wasomaji wataongezeka, na wanaokosa wanaweza kuongezeka pia. Kwa hiyo tulihesabu kati ya 10.

Mbele ya kutuma, nilimupa dada yangu, anayeuza mu soko na hajui kitu ya mambo ya dosye. Alisoma mara moja, nikamunyang'anya karatasi, nikamuuliza: ni nani anaomba, anakosa nini, anajuaje, anataka feza ngapi, na tutaona nini kisha? Alijibu nne. Feza alikuwa amesahau, kwani nilikuwa nimeificha mu sentensi ndefu. Nikaikata sentensi ile, feza ikakaa mbele.

Safari hii jibu lilikuwa maulizo: walitaka liste ya vitabu 96, kimoja kimoja. Bado hawajatoa feza. Lakini liste tulikuwa nayo tayari, juu ilitoka mu kaye.