Jiko Lisilo na Meza

Ukitaka kujua kama chipsi zako zinafaa kuuzwa kwa oda za simu, usizionje zikitoka kwenye karai. Zifungashe, zitie mfukoni, kisha subiri nusu saa. Ukikuta matone ya maji chini ya kifuniko na chipsi zimelegea, basi hizo ndizo atakazokula mteja wako.

Jiko la oda halina ukumbi wala wahudumu. Chakula chote hutoka na bodaboda. Wengi huvutiwa na unafuu wa kodi, kwa kuwa chumba cha uchochoroni kinatosha. Lakini kinachookolewa kwenye kodi huishia kwa mwenye programu ya oda, ambaye kamisheni yake huweza kufika asilimia 30.

Tuchukue sahani ya pilau ya kuku Nairobi, kwa shilingi 600. Kamisheni ni 180, mchele, kuku na viungo 210, mkebe na mfuko 40. Zinabaki 170 za gesi, mishahara, umeme na kodi. Ukitoa ofa ya shilingi 100, utabaki na 100 hata baada ya kamisheni kushuka hadi 150. Kampuni ya Kune iliuza milo ya takriban dola 3 jijini humo, ikiwa na jiko na wasafirishaji wake yenyewe. Ilifungwa Juni 2022. Mwanzilishi wake alisema bei ile haikutosha, chakula kilikuwa kimepanda, na wawekezaji walikuwa wameadimika.

Ndiyo maana orodha ya vyakula huwa fupi. Kitunguu na nyanya zilizokaangwa asubuhi kwenye sufuria moja zinaweza kuwa mchuzi wa kuku, wa nyama au wa maharage, na kisichonunuliwa kama kuku hakiozi kikingoja. Ukiongeza samaki kwa sababu tu mteja mmoja ameuliza, umejiongezea friji, mafuta ya pekee na hasara ya jioni. Binafsi ningeanza na vyakula vitano, na chipsi zisingekuwamo.

Pilau husafiri vizuri. Hata ikipoa kidogo, ladha haipotei. Mkebe wa foili unaifaa. Vya kukaanga vinahitaji boksi la karatasi ngumu lenye matundu ya kutolea mvuke, ingawa matundu hayo hayo hupoza chakula. Mchuzi uende peke yake kwenye kikopo cha kifuniko cha kubana, maana Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017, na mfuko wa karatasi ukilowa chini hupasuka mlangoni kwa mteja. Kabla ya kununua vikopo mia tano, jaza kimoja maji ya moto, kifunike, kilaze ubavu juu ya gazeti, kisha angalia gazeti baada ya dakika kumi.