Chumba kimoja, raiskuka na maikrowevu: Wiki nzima bila kurudia mlo

Tanga. Saa 11 jioni, mama anarudi kutoka kazini na mtoto wa miaka minne mgongoni. Chumba alichopanga Makorora kina kitanda, meza, kabati la vyombo na soketi mbili ukutani. Mkaa hauruhusiwi ndani, na moshi wake katika chumba kimoja ungekuwa hatari kwa mtoto. Jiko la gesi bado hajanunua na friji hana. Alichonacho ni raiskuka ya lita moja na nusu pamoja na maikrowevu aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahama.

Huu ni mfano tu, lakini vyumba vya aina hii viko tele Ngamiani, Mikanjuni na Chumbageni, na wanaoishi humo hukutana na tatizo lilelile. Wiki ya kwanza hupikwa wali, wiki ya pili wali, na ya tatu mtoto anaanza kusukuma sahani. Raiskuka inaonekana kama chombo cha kazi moja. Ukweli ni kwamba inaweza kupika karibu kila kitu kinachochemka, mradi mpishi aelewe jinsi inavyofikiri.

Haijui saa, inajua maji

Raiskuka ya kawaida, yenye kitufe kimoja cha kubonyeza, haihesabu dakika. Chini ya sufuria yake kuna kipande kinachohisi joto. Maji yakiwemo ndani, sufuria hubaki kwenye nyuzi 100 hivi, kwa sababu maji yanayochemka hayapandi zaidi ya hapo. Maji yakikauka, joto linaruka juu, kipande kile kinaachia na kitufe kinafyatuka kwenda kwenye sehemu ya kutunza joto.

Kwa hiyo maji yakiwepo ya kutosha, itachemsha saa nzima bila kuzima, na mpishi ndiye atakayeinua kitufe chakula kikiiva. Hivyo ndivyo inavyopika maharage, muhogo, ndizi, viazi na nyama. Kinyume chake, akiweka mafuta na vitunguu bila maji, kitufe kitafyatuka baada ya dakika chache hata kama vitunguu bado vibichi. Wengine hukikaza kwa kijiko au karatasi ili kisiruke. Hapo ndipo raiskuka nyingi hufia: joto linazidi, fyuzi ya ndani inakatika na chombo hakiwaki tena. Pia ni njia ya kuwasha moto chumbani.

Njia salama ni kugawa kazi. Kinachochemka kinakwenda kwenye raiskuka, kinachokaangwa kinakwenda kwenye maikrowevu.

Ratiba ya siku saba

Kwa kuwa hakuna friji, ratiba inafuata soko. Siku ya kwenda sokoni ni siku ya samaki na mboga za majani. Siku zinazofuata ni za vitu vinavyokaa.

Jumamosi mama ananunua samaki waliotoka baharini asubuhi, kutoka Sahare au sokoni, na anapika wali wa nazi. Jumapili ni pilau ya nyama. Jumatatu ni maharage ya nazi kwa boflo. Jumanne ni muhogo na dagaa. Jumatano, akipita tena sokoni, ni wali na mchicha pamoja na mayai. Alhamisi ni mseto, na Ijumaa ndizi mbichi za nazi na samaki mkavu. Viazi vya Lushoto, machungwa ya Muheza na nazi vinakaa siku kadhaa chumbani bila kuharibika.

Wali wa nazi una mtego wake. Tui zito likimiminwa mwanzoni hushika chini, sufuria inapata joto na kitufe kinafyatuka mchele ukiwa na kiini. Mchele uanze na tui jepesi. Tui zito liongezwe juu maji yanapokaribia usawa wa mchele, bila kukoroga hadi chini. Wakati wali unajituliza, vipande viwili vya samaki vyenye ndimu, chumvi na tangawizi vinawekwa kwenye bakuli la kioo, vinafunikwa kwa sahani na kupikwa dakika nne hadi tano. Samaki ameiva pale nyama yake inapoachana kwa uma na hakuna sehemu inayong'aa kama kioo karibu na mfupa. Kama bado, anaongezwa dakika moja moja.

Pilau inaanzia kwenye raiskuka kwa nyama. Vipande vidogo vinachemshwa kwa maji mengi muda wa saa moja, kisha vinatolewa na mchuzi wake unahifadhiwa kupikia mchele. Vitunguu viwili vilivyokatwa vyembamba vinachanganywa na vijiko vitatu vya mafuta kwenye bakuli la kioo linalostahimili joto au la udongo, na kupikwa katika maikrowevu kwa dakika sita hadi nane, vikikorogwa kila baada ya dakika mbili hadi kingo ziwe za kahawia. Plastiki haifai hapa, kwa kuwa mafuta ya moto huiyeyusha. Thomu, tangawizi na bizari vinaongezwa kwa dakika moja ya mwisho. Vyote, pamoja na nyama, mchele na mchuzi, vinarudi kwenye raiskuka, na kitufe kikifyatuka pilau inaachwa dakika kumi bila kufunuliwa.

Mseto wa Alhamisi ndio rahisi kuliko yote. Nusu kikombe cha choroko kinachemshwa kwa maji vikombe viwili na nusu kwa dakika 20, bila kuloweka. Kisha unaongezwa mchele kikombe kimoja, chumvi na tui jepesi hadi lisimame juu ya mchele kwa pingili moja na nusu ya kidole. Kitufe kikifyatuka, chakula ni laini, mtoto anakula bila kutafuna sana, na ndani yake tayari mna nafaka na jamii ya kunde.

Maharage hayataki haraka

Mlo wa Jumatatu unahitaji uangalifu kuliko mingine. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huondoka kwa kuloweka na kuchemsha kwa nguvu tu. Yakipashwa moto wa chini kwa muda mrefu bila kutokota, sumu hiyo haiondoki. Anayekula maharage yasiyoiva vizuri anaweza kuanza kutapika ndani ya saa chache, kisha kuharisha.

Mama anayaloweka asubuhi kabla ya kutoka, kwa maji mara tatu ya maharage. Akirudi jioni anamwaga maji yale, anasuuza na kuweka mengine. Hayafai kulala kwenye maji siku nzima na usiku wake, kwa sababu kwa joto la Tanga huanza kuchacha. Sufuria isizidi nusu, maana povu hupanda na kumwagika kwenye umeme. Kifuniko kinaachwa wazi kidogo.

Tangu yaanze kutokota kwa mapovu makubwa, maharage yachemke hivyo si chini ya dakika kumi, na nusu saa ni salama zaidi. Kisha yanaendelea hadi yalainike, mara nyingi saa moja au zaidi, yakiongezwa maji ya moto kila yanapopungua. Kipimo si saa bali vidole: harage likibonyezwa kati ya vidole viwili linasagika lote, bila kiini kigumu. Kama kitufe kimefyatuka na kiini bado kipo, maji yalikuwa machache. Yanaongezwa mengine na kitufe kinabonyezwa upya. Sehemu ya kutunza joto haitoshi kuyaivisha.

Kiporo bila friji

Watu wengi wa pwani wamekua wakila kiporo cha wali asubuhi kwa chai. Katika chumba kisicho na friji, hapa panahitaji mabadiliko.

Mchele mbichi hubeba vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu hizo zinachipua na vijidudu vinaongezeka, na baadhi hutengeneza sumu inayosababisha kutapika. Kuupasha tena kwenye maikrowevu kunaua vijidudu, lakini sumu hiyo inabaki. Wali wenye sumu hiyo unaweza usinuke wala kubadilika rangi. Mtu huanza kutapika kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula.

Wapo wanaoacha raiskuka ikitunza joto usiku kucha. Wali ukibaki moto kweli, zaidi ya nyuzi 60, vijidudu haviongezeki. Shida ni kwamba umeme ukikatika saa nane usiku na kurudi alfajiri, mama aliyelala hatajua, na asubuhi atakuta wali wa moto kama kawaida.

Njia iliyo bora ni kupima mchele. Kikombe kimoja cha kupimia cha raiskuka kinawatosha mtu mzima na mtoto kwa mlo mmoja. Kilichobaki kisikae nje zaidi ya saa mbili. Asubuhi ni zamu ya uji: unga unakorogwa na maji baridi kwenye bakuli kubwa, lisilojazwa zaidi ya nusu kwa kuwa uji hufura, kisha unapikwa na kukorogwa kila dakika hadi uchemke na kuiva. Kabla ya kumpa mtoto unakorogwa tena na kuonjwa, kwa sababu maikrowevu huacha sehemu za moto sana katikati ya sehemu za baridi.

Mtoto akianza kutapika baada ya kula, apewe maji yenye chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, kidogo kidogo. Akishindwa kunywa, akilegea au akikosa mkojo kwa saa nyingi, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri.

Soketi na LUKU

Raiskuka ya wati 700 ikichemsha maharage kwa saa moja hutumia uniti 0.7. Maikrowevu ndogo huvuta wati 1,100 hivi, lakini kwa dakika chache tu. Anayeshiriki LUKU na wapangaji wenzake anaweza kuonyesha hesabu hiyo kabla maneno hayajaanza.

Vyombo hivi viwili visichomekwe pamoja kwenye ekstensheni moja nyembamba. Plagi ikiwa ya moto mkononi, au ikitoa harufu ya plastiki, waya umezidiwa. Ndani ya maikrowevu hakuingii sufuria, kijiko cha chuma wala yai zima lenye ganda, ambalo hupasuka. La Jumatano linavunjwa kwenye bakuli, linapigwa kwa uma na kupikwa nusu dakika nusu dakika hadi lishike lote, huku mchicha ukisubiri zamu yake ya dakika tatu.