Mutoto mumoja anakosa kwenye hesabu: tunafanya nini?

Shule moja ya hapa Lubumbashi, jina lake tunaliacha, ilipeleka wanafunzi 42 kutembelea bustani ya wanyama. Sisi wazazi wanne tulisindikiza, pamoja na walimu wawili. Saa sita, mbele ya bisi, hesabu ilitoa watoto 41.

Hesabu ya vichwa inasema tu kama mutu anakosa, haisemi ni nani. Sisi wa migodi tunajua jambo hili: mwenye kushuka anaacha jetoni ya namba yake, na jetoni yenye kubaki kwenye ubao njo inaonyesha nani yuko bado chini. Juu ya ile, asubuhi watoto waligawanywa makundi sita ya saba saba, kila kundi na mukubwa wake na listi ya majina. Tukaita majina. Kundi la tatu lilijibu sita. Aliyekosa alikuwa musichana wa miaka 8.

Hakuna aliyekimbia ovyo. Mumoja wetu alienda kwanza kusimama kwenye mulango mukubwa pamoja na sentineli, sababu mutoto akishatoka barabarani, kumutafuta ni kazi ingine. Wawili walirudi mahali pa hesabu ya mwisho: listi ilionyesha kama saa tano na nusu, kwenye vyoo, wote saba walikuwako. Basi njia ya kutafuta ilikuwa fupi, toka vyoo mpaka mulango. Wengine watatu walibaki na watoto 41, wamekaa chini.

Shida ilikuwa iniforme. Kusema « bluu na nyeupe » hakusaidii kitu, shule zote zinavaa hivyo, na siku ile kulikuwa shule ingine mbili. Tulimupa sentineli alama zingine: nywele za kusuka, sakoshi nyekundu, viatu vyeusi. Tena tuliomba zile shule mbili ziite majina mbele ya kupanda bisi. Moja ilikuta mutoto mumoja wa kuzidi. Ni yeye. Ilikuwa dakika 12.

Mupaka ulikuwa dakika 15. Ingepita, direkta angeita polisi na wazazi papo hapo.

Kumupata si mwisho. Waliokuwa wanatafuta waliitwa warudi, sentineli akaambiwa, majina yakaitwa tena: 42. Direkta alipigia mama yake simu siku ile ile, asisikie habari kwanza kwa majirani. Halafu rapoti ya ukurasa mumoja: saa, mahali, nani alimuona mwisho, nani aliitwa, na sababu. Sababu iliandikwa wazi: mistari ya shule mbili ilipitana kwenye njia ya vyoo, mutoto akafuata iniforme sawa na yake.

Toka rapoti ile, shule iko na sheria mupya: mahali mistari miwili inapitana, watoto wanasimama, majina yanaitwa, njo wanaendelea.