Tarakimu ya kwanza juu ya ganda la yai: lebo za ufugaji wa kuku zinaahidi nini na haziahidi nini

Tangu mwaka 2004, mayai ya daraja A yanayouzwa madukani katika nchi za Umoja wa Ulaya hupigwa mhuri mdogo wenye tarakimu na herufi juu ya ganda. Tarakimu ya kwanza humweleza mlaji jinsi kuku aliyetaga yai hilo alivyofugwa: 0 ni ufugaji wa kilimo hai, 1 ni ufugaji huria, 2 ni ufugaji wa bandani bila vizimba, na 3 ni ufugaji wa vizimbani. Herufi mbili zinazofuata hutaja nchi, na tarakimu za mwisho humtambulisha mfugaji. Kwa mfano, yai linaloanza na 2DE limetoka Ujerumani, kwa kuku anayeishi ndani ya banda lakini nje ya kizimba.

Walaji wengi husoma mhuri huo kana kwamba ni ngazi ya ubora, na kudhani kuwa yai la namba 1 ni jipya zaidi, salama zaidi na lenye virutubisho vingi kuliko la namba 3. Sivyo kanuni zinavyosema. Tarakimu hiyo ni ahadi kuhusu makazi ya kuku, wala si kipimo cha kilichomo ndani ya ganda.

Kizimba, banda na uwanja

Kwa miaka mingi kuku wa mayai barani Ulaya walifugwa katika vizimba vitupu vya waya, ambamo kila kuku alitengewa sentimita za mraba 550, eneo dogo kuliko ukurasa mmoja wa karatasi ya kawaida ya ofisini. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1999 ilipiga marufuku vizimba hivyo kuanzia Januari 1, 2012. Hivyo namba 3 ya leo haimaanishi kizimba kile cha zamani, bali kizimba kilichoboreshwa. Ndani yake kila kuku hupata angalau sentimita za mraba 750, na lazima kiwe na kiota, mahali pa kuchakura, na fito za kupumzikia zenye sentimita 15 kwa kila kuku.

Namba 2 humtoa kuku kizimbani na kumwacha atembee ndani ya banda zima. Kanuni inaruhusu kuku wasiozidi tisa kwa kila mita ya mraba ya eneo wanaloweza kulitumia, na inataka angalau theluthi moja ya sakafu iwe na matandazo. Hapa pana jambo ambalo mlaji halioni kwenye lebo. Banda linaweza kuwa na ghorofa hadi nne, na eneo la kila ghorofa huingizwa katika hesabu. Kwa sababu hiyo, idadi ya kuku ikigawanywa kwa ukubwa wa sakafu pekee huweza kuwa kubwa zaidi ya tisa kwa mita ya mraba, na bado mfugaji akawa ametimiza kanuni.

Namba 1 huanza na banda la aina hiyo hiyo, kisha huongezewa uwanja wa nje. Kila kuku hutengewa mita za mraba nne za uwanja wenye majani, na milango ya kutokea lazima iwe na upana wa jumla wa mita mbili kwa kila kuku 1,000. Chukua mfano wa mfugaji mwenye kuku 6,000. Atahitaji takribani mita za mraba 667 za eneo la kutumika ndani ya banda, milango yenye upana wa mita 12 kwa jumla, na uwanja wa mita za mraba 24,000, yaani hekta 2.4. Namba 0 hufuata utaratibu huo wa nje, lakini hupunguza msongamano wa ndani hadi kuku sita kwa mita ya mraba na hudai chakula kitokane na kilimo hai.

Ustawi wa kuku hutegemea pia usimamizi

Tofauti ya msingi kati ya namba 3 na nyingine ni uhuru wa kufanya yale ambayo kuku huyafanya kwa silika: kuchakura, kujigaragaza vumbini, kukunjua mbawa, kuruka na kulala juu. Kizimba kilichoboreshwa huruhusu sehemu tu ya mambo hayo, kwa kuwa nafasi ni finyu na matandazo ni haba. Kwa sababu hiyo, mwaka 2023 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipendekeza kuku wa mayai wafugwe nje ya vizimba.

Hata hivyo, kumtoa kuku kizimbani hakumalizi matatizo yake, bali huyabadilisha. Katika kundi la maelfu, tabia ya kudonoana manyoya ikianza huenea haraka, na huweza kufikia kuku kujeruhiana hadi kufa. Kuku wakishtuka huweza kurundikana pembeni, walio chini wakakosa hewa. Wanaotembea juu ya kinyesi chao hupata minyoo kwa urahisi zaidi kuliko wanaosimama juu ya waya, na wale wa nje hukabiliwa na mbweha na mwewe. Mfupa wa kidari nao huvunjika kwa kuku wengi katika mifumo yote: kwa wale wa bandani huchangiwa na kuanguka au kugonga fito, na kwa wale wa kizimbani mifupa hudhoofika kwa kukosa mazoezi. Kuku wa kisasa anayetaga takribani mayai 300 kwa mwaka hutumia chokaa nyingi ya mwili wake kutengeneza maganda, na mifupa hulipa gharama hiyo.

Uwanja wenyewe hauna faida kama kuku hawautumii. Kuku ametokana na ndege wa msituni na huogopa eneo la wazi lisilo na mahali pa kujificha. Uwanja mtupu wa hekta mbili unaweza kutimiza kanuni huku kuku wengi wakibaki karibu na milango au ndani kabisa. Mfugaji anayepanda miti na vichaka kuanzia karibu na banda huwavuta kuku wengi zaidi kutoka. Mhuri hauonyeshi tofauti kati ya mashamba hayo mawili, kwa kuwa yote mawili hupata namba 1.

Anayetaka kujua hali halisi huwatazama kuku wenyewe. Manyoya yaliyokamilika mgongoni na mkiani huonyesha kuwa hakuna kudonoana. Matandazo makavu yanayochambuka huonyesha kuwa kuku wanachakura. Idadi ndogo ya vifo hadi mwisho wa utagaji ndiyo hesabu inayofichua mengi kuliko lebo.

Kilichomo ndani ya ganda

Rangi ya kiini ndiyo huwapotosha walaji wengi. Kiini hupata rangi kutokana na viasili vya rangi vilivyomo katika chakula, kama vile mahindi ya njano, majani mabichi, au unga wa maua na pilipili unaochanganywa kwenye chakula cha kuku. Kuku wa kizimbani anayelishwa mahindi ya njano hutaga yai lenye kiini cha njano iliyokolea, na kuku huria anayelishwa ngano au mahindi meupe bila majani ya kutosha hutoa kiini hafifu. Kwa hiyo rangi ni ushahidi wa chakula, wala haithibitishi makazi.

Upya wa yai nao hutegemea muda na joto. Tangu yai litagwe, hewa ukaa hutoka kupitia vitundu vya ganda, ute mweupe hulegea, na maji yanapopungua nafasi ya hewa upande wa butu hupanuka. Daraja A la Ulaya hudai nafasi hiyo isizidi milimita 6, na ganda liwe safi na zima. Daraja hilo hutolewa kwa yai la mfumo wowote. Yai la namba 1 lililokaa wiki tatu katika joto huwa limechakaa kuliko la namba 3 lililotagwa jana. Uimara wa ganda vilevile hutegemea zaidi umri wa kuku na chokaa anayopewa, kwani kadiri kuku anavyozeeka ndivyo mayai yanavyokuwa makubwa na maganda kuwa membamba.

Ipo tofauti ya virutubisho, lakini ina masharti. Kuku anayepata jua hutaga yai lenye vitamini D zaidi, na anayekula majani mengi huongeza kiasi cha vitamini E na mafuta ya omega-3 ndani ya kiini. Faida hiyo hupatikana pale tu kuku anapotoka na kula majani kweli, na mfugaji wa ndani naye anaweza kuipata kwa kuongeza virutubisho hivyo kwenye chakula. Kuhusu vimelea vya salmonela, kinga kuu ni chanjo, usafi wa banda na udhibiti wa panya. Katika mifumo isiyo ya vizimba, mayai yanayotagwa sakafuni badala ya kiotani huchafuka kwa urahisi, na hayafai kuchanganywa na yaliyo safi.

Lebo inapobadilika, yai halibadiliki

Tukio la Uingereza linaonyesha jambo hili waziwazi. Mwishoni mwa Novemba 2021 serikali iliamuru kuku wote wafungiwe ndani kutokana na mafua ya ndege. Kanuni ya wakati huo iliruhusu mayai kuendelea kuitwa ya huria kwa wiki 16 tu za kufungiwa. Ilipofika Machi 21, 2022, mayai yale yale ya mashamba yale yale yalilazimika kuuzwa kama mayai ya bandani. Umoja wa Ulaya ulilegeza sharti hilo mwaka 2023, ili mfugaji asipoteze lebo kwa kutii amri ya afya ya mifugo. Unafuu huo una gharama yake kwa mlaji, kwani wakati wa amri hiyo namba 1 huweza kuwa juu ya yai la kuku asiyetoka nje.

Mnunuzi wa Afrika Mashariki aliyezoea kuchagua kati ya yai la kienyeji na la kisasa anapaswa kuona kuwa maneno hayo hujumuisha mambo mawili: asili ya kuku na namna anavyofugwa. Kuku wa kienyeji anaweza kufungiwa ndani, na wa kisasa anaweza kuachiwa nje. Trei inapoandikwa kuwa mayai ni ya kuku huria, maswali ya kumwuliza muuzaji ni haya: kuku ni wangapi kwa mita ya mraba, hutoka nje saa ngapi kwa siku, na uwanja una kivuli na majani? Majibu yake yatahusu maisha ya kuku. Kuhusu yai lenyewe, swali linalofaa ni moja: lilitagwa lini?