Anayeanza espreso aanze na buni nyeusi

Wasomaji wa Garissa na Wajir wametuletea maswali mengi kuhusu espreso, na karibu yote yanarudi kwenye jambo moja: mtu aliyenunua mashine ndogo ya nyumbani au ya kibanda anunue buni zilizokaangwa kidogo, zenye rangi ya hudhurungi, au zilizokaangwa hadi zikawa nyeusi? Wengi wanaambatisha walichosikia sokoni. Wameambiwa nyeusi ina kafeini nyingi zaidi, kwamba inachoma tumbo, na kwamba povu la dhahabu juu ya kikombe, yaani krema, ndilo ushahidi wa kahawa bora. Madai yote matatu ni ya uongo, na yanawapotezea watu pesa.

Tuanze na kafeini. Moto wa kukaangia huondoa kiasi kidogo tu cha kafeini, hata buni zikipita nyuzi 220 za Selsiasi. Kinacholeta tofauti kubwa ni aina ya mbuni: robusta, inayolimwa kwa wingi Uganda, ina karibu mara mbili ya kafeini iliyomo kwenye arabika ya Nyeri au Kirinyaga. Uchungu wa buni nyeusi hutokana na kemikali zinazozaliwa motoni, na ulimi huudhania uchungu huo kuwa nguvu.

Kuhusu tumbo, utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa kwa watu wachache wenye afya njema, ulionyesha kwamba kahawa iliyokaangwa sana ilichochea asidi ya tumbo kidogo kuliko iliyokaangwa wastani. Kwa hiyo kama kuna tofauti, inaelekea upande usiotarajiwa na wengi. Lakini hapo hapo ndipo wauzaji wa pakiti za “kahawa ya vidonda vya tumbo” wanapojipenyeza, na ni lazima wakanywe. Vidonda vya tumbo husababishwa zaidi na bakteria aitwaye Helikobakta pailori na matumizi ya mara kwa mara ya dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni. Hakuna kiwango cha kukaanga buni kinachomuua bakteria huyo. Anayemuuzia mgonjwa kahawa badala ya kumtuma akapimwe anamdhuru.

Moto unavyoilainisha buni

Sababu ya kweli ya kuchagua buni moja na kuacha nyingine imo katika ugumu wa mbegu yenyewe. Buni mbichi ni ngumu mno. Inapokaangwa, maji yaliyomo hugeuka mvuke, gesi ya kaboni dioksaidi huzaliwa, na mgandamizo wa ndani huongezeka hadi mbegu ipasuke. Mkaangaji husikia mlio wa kwanza joto likikaribia nyuzi 200. Buni za hudhurungi hutolewa motoni muda mfupi baada ya mlio huo. Buni nyeusi huachwa hadi karibu na mlio wa pili au kuupita kidogo, kwenye nyuzi 225 hivi, ambapo kuta za seli zenyewe huanza kuvunjika. Kufikia hapo mbegu imevimba, imepoteza uzani, imejaa matundu madogo na inavunjika kwa urahisi.

Sasa fikiria kazi ya espreso. Maji ya nyuzi 93 hivi husukumwa kwa mgandamizo wa karibu baa 9 kupita kwenye kahawa iliyosagwa laini na kushindiliwa, nayo yana sekunde 25 hadi 30 tu za kubeba ladha. Asidi hutoka kwanza, utamu hufuata, uchungu huja mwishoni. Kwenye buni nyeusi maji huingia kirahisi kupitia matundu yale, hivyo hata ukikosea kidogo usagaji, utamu huwa umekwisha kutoka. Kwenye buni za hudhurungi kuta bado ni imara, na maji yakipita haraka huondoka na asidi peke yake. Ndiyo maana tunasema buni nyeusi huvumilia makosa.

Chukua mfano wa msomaji mmoja wa Garissa. Alinunua buni za hudhurungi kutoka Nyeri, akapima gramu 18, akapata gramu 36 za kinywaji kwa sekunde 14. Kilikuwa chachu cha kukunja uso, chepesi, na chenye chumvi kidogo mwishoni. Akasaga laini zaidi, mpaka kinu chake kikafika mwisho. Safari hii kahawa ilidondoka tone kwa tone, kisha ghafla ikaruka kwa vijito vyembamba vya rangi hafifu, na kikombe kikawa chachu na chungu kwa pamoja.

Kilichotokea ni kwamba maji yalipata ufa katika kahawa iliyoshindiliwa, yakapita hapo yote. Kahawa iliyo kando ya ufa ilikamuliwa kupita kiasi, iliyobaki haikuguswa vya kutosha. Dalili zake ni vile vijito vya kuruka, rangi inayofifia mapema, na vitundu vinavyoonekana kwenye makapi ukiyatazama baadaye. Buni za hudhurungi humfikisha mtu hapo upesi kwa sababu zinadai kusagwa laini mno, na kinu cha bei nafuu hutoa unga uliochanganyika na chenga. Zinadai pia maji ya nyuzi 95 au 96, na kinywaji kirefu zaidi, gramu 45 hadi 50 kwa gramu zile zile 18. Mashine nyingi ndogo hazimpi mtumiaji namna ya kubadilisha joto hata kidogo.

Kwa mashine ile ile na kinu kile kile, gramu 18 za buni nyeusi zikitoa gramu 36 kwa sekunde 22 bado zitakuwa kikombe kinachonyweka. Uchungu ukizidi, kata mapema kwenye gramu 30. Hilo ni kosa moja lenye tiba moja, na mwanafunzi anaweza kujifunza kutokana nalo.

Wa Wajir wana sababu ya ziada. Maji ya visima vyao hutoka kwenye miamba ya chokaa, na chumvi zake hupunguza makali ya asidi. Asidi hiyo ndiyo iliyofanya buni za hudhurungi za Nyeri zipendwe, kwa hiyo mtu hulipia ladha ambayo maji yatamnyang'anya, huku chokaa ikiganda ndani ya mashine. Atumie maji yaliyochujwa yenye chumvi kidogo.

Krema ni gesi

Krema imepewa heshima isiyo yake. Kaboni dioksaidi iliyozaliwa motoni hubaki imefungiwa kwenye matundu ya buni. Kwa mgandamizo wa baa 9 maji huyeyusha gesi nyingi kuliko yanavyoweza kuibeba katika hewa ya kawaida. Kinywaji kikishatoka kwenye chujio mgandamizo hushuka ghafla, na gesi hufumuka kwa mamilioni ya viputo, kama chupa ya soda inapofunguliwa. Viputo hivyo visingedumu peke yavyo. Huvikwa utando wa protini, sukari ndefu na vitu vya rangi ya kahawia vilivyozaliwa motoni, huku mafuta yakijaribu kuuvunja utando huo. Mashine za zamani za mvuke zilikuwa na mgandamizo mdogo na hazikutoa krema ya namna hii; ilianza kuonekana mikahawani baada ya Achille Gaggia wa Milano kuleta mashine zake za wenzo miaka ya 1940.

Ukiyaelewa hayo, mengi yanajieleza. Robusta hutoa krema nene kwa kuwa ina mafuta machache kuliko arabika, wala hilo halifanyi ladha yake kuwa bora. Buni nyeusi zina gesi nyingi lakini matundu yake yako wazi, kwa hiyo gesi hutoroka upesi, na joto la Garissa huharakisha safari hiyo. Buni za hudhurungi huishika gesi kwa muda mrefu lakini krema yake huwa nyembamba. Buni zilizokaangwa jana zina gesi kupita kiasi: hutoa povu kubwa linalokufa haraka, na gesi huyazuia maji yasilowanishe kahawa sawasawa.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Mashine nyingi za wanaoanza huja na kikapu cha chuma chenye kuta mbili na kitundu kimoja kidogo chini. Kitundu hicho hulazimisha povu kutoka kwenye kahawa yoyote, hata iliyolala dukani mwaka mzima. Anayekuonyesha povu hilo kama kipimo cha ubora hajakuonyesha chochote. Onja.

Ukitia maziwa

Wengi wenu mtakunywa kwa maziwa, na hapa buni nyeusi hushinda kwa mbali. Protini za maziwa hujishikiza kwenye baadhi ya kemikali chungu na kuzipunguza makali, na ladha za kakao na karanga hubaki zikisikika hata ukiongeza mililita 120 za maziwa. Asidi ya buni za hudhurungi hukutana na maziwa ikaacha ladha kama ya maziwa yaliyoanza kulala. Na kama maziwa yenyewe yamesafiri saa nyingi kwenye jua, asidi hiyo na joto vinaweza kuyakatisha kabisa.

Maziwa ya ngamia hutoa povu pia, ila hayana beta-laktoglobulini, protini kuu ya majimaji ya maziwa ya ng'ombe, hivyo usitegemee lifanane. Chumvi yake hubadilika kulingana na malisho na kiu ya mnyama. Onja kwanza, ndipo uamue sukari.

Tafadhali sana: mvuke wa mashine hauchemshi maziwa. Barista husimamisha joto kwenye nyuzi 60 hadi 65, kwa sekunde chache. Kuua vijidudu kwa nyuzi 63 kunahitaji dakika 30 nzima. Ugonjwa wa bruselosi upo kwa mifugo ya eneo hili na huingia mwilini kupitia maziwa mabichi, ya ngamia yakiwemo. Wanaosema maziwa ya ngamia hayahitaji moto kwa kuwa ni dawa wanawalaza watu hospitalini kwa homa na maumivu ya viungo. Chemsha, poza, weka kwenye friji, ndipo uyatie povu. Maziwa yakikatika wakati wa kuchemsha, umeokoa kikombe.

Yaliyobaki ni mafupi. Nunua robo kilo, inayotosha vikombe 13 vya gramu 18, yenye tarehe ya kukaangwa kwenye pakiti. Buni nyeusi ziache wiki moja kabla ya kuzifungua, uzimalize ndani ya mwezi. Epuka zinazong'aa mafuta, kwani mafuta yaliyotoka nje huvunda haraka kwenye joto. Wazee wanaokaanga buni kwa samli huzila zikiwa bado moto; zako zitakaa kabatini siku nyingi. Zifunge zisipate hewa, mbali na jiko. Mtu mzima mwenye afya asipite miligramu 400 za kafeini kwa siku, na mjamzito asipite 200. Hivyo ndivyo ilivyoshauri mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2015.

Anza na buni nyeusi. Siku utakapoweza kutoa vikombe vitano mfululizo vyenye ladha moja, nunua robo kilo ya hudhurungi na kinu kizuri zaidi.