Miezi Sita ya Kwanza ya Muuguzi Mpya Wodini: Nani Anamsimamia, na Anapimwaje

Mkazi wa Muthara anayempeleka mkewe au bintiye kujifungua usiku anaweza kupokewa na muuguzi kijana ambaye hajamaliza hata miezi miwili kazini. Ni haki ya mkazi huyo kujiuliza ni nani anayehakikisha kwamba kijana huyo anajua anachofanya.

Sehemu ya kwanza ya jibu ni leseni. Hakuna muuguzi anayeruhusiwa kuhudumia wagonjwa nchini kabla ya kufaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi la Kenya na kupewa leseni. Mwenye shahada hupitia pia mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Hata hivyo, leseni inathibitisha tu kwamba mtu anafaa kuanza kazi. Haithibitishi kwamba amewahi kubaki na wazazi watatu kwa wakati mmoja saa tisa za usiku, huku mwenzake ameitwa wodi nyingine. Hayo hujifunzwa kazini, na mpango wa ulezi wa miezi sita upo ili yajifunzwe bila mama kulipa gharama.

Katika mpango huu muuguzi mpya hupewa mlezi, yaani muuguzi mzoefu wa wodi hiyo hiyo anayefanya naye zamu. Ni vyema mlezi asiwe mkuu wa wodi. Mkuu ndiye anayepanga zamu na kuandika ripoti ya utendaji, kwa hiyo kijana aliyekosea ataona taabu kumwambia ukweli. Kwa mlezi, neno "sijui" halina adhabu.

Wiki mbili za kwanza mgeni huhesabiwa kama mtu wa ziada. Hatoi dawa peke yake, wala jina lake halizibi pengo kwenye ratiba ya zamu. Katika wiki hizo hujifunza vitu vinavyoonekana vidogo: sanduku la dharura liko wapi, dereva wa ambulensi anapatikana vipi, damu inaombwa wapi. Kama ametoka sehemu nyingine ya nchi, hujifunza pia maneno machache ya Kimeru ambayo mama huyatumia akisikia kizunguzungu au akihisi amelowa. Hospitali zenye wauguzi wachache hushawishika kuzifuta wiki hizi mbili kwanza, na hapo mpango huanza kuvunjika.

Baada ya hapo kazi hugawanywa katika stadi, kila moja na ukurasa wake kwenye daftari la ulezi. Wodi ya wazazi inaweza kuchagua kama kumi: kufuatilia uchungu, kupokea mtoto, kumsaidia mtoto asiyepumua, kumwangalia mama baada ya kujifungua na nyinginezo. Kila stadi ina ngazi nne: ameona, amefanya akisimamiwa, anafanya peke yake, na anaweza kumfundisha mwenzake. Siku moja nzuri haimpandishi mtu ngazi. Mlezi humtazama akifanya jambo lile lile mara kadhaa, kwa siku tofauti, na angalau mara moja katika zamu ya usiku.

Stadi ya kumwangalia mama baada ya kujifungua inaonyesha vizuri namna mpango unavyofanya kazi. Mtoto akishatoka, mama hudungwa sindano ya oksitosini, yuniti 10, ndani ya dakika moja, ili mji wa mimba ukaze. Katika saa ya kwanza muuguzi hurudi kwa mama kila dakika 15. Hugusa tumbo kuona kama mji wa mimba ni mgumu, hutazama damu, hupima presha na mapigo ya moyo, kisha huandika. Damu ikifika mililita 500, hiyo ni dharura.

Kazi inaonekana rahisi, lakini ina mitego miwili. Wa kwanza ni jicho. Mtu akikisia damu iliyoloa kwenye shuka, mara nyingi hukisia pungufu. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2023, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, uliwapa wahudumu shuka la plastiki lenye mfuko wa kukingia damu uliochorwa alama za kipimo. Palipokuwa na shuka hilo, pamoja na hatua za matibabu zilizopangwa kufanywa kwa mkupuo, akina mama waliotokwa na damu nyingi waligunduliwa mapema 93 katika kila 100. Kwa njia ya kawaida waligunduliwa 51 tu. Ndiyo maana muuguzi mpya hufundishwa kupima, na hata pasipo shuka hilo hufundishwa kukusanya na kupima uzito wa vitambaa badala ya kuviangalia tu.

Mtego wa pili ni presha. Mwanamke kijana mwenye afya anaweza kupoteza damu nyingi huku presha yake bado ni nzuri. Kinachobadilika mapema ni mapigo ya moyo, yanayopanda kidogo kidogo. Kwa hiyo vipimo vya kila robo saa vina maana vikisomwa kwa pamoja, kimoja baada ya kingine. Kimoja kikikosekana katikati, ule mpando hauonekani.

Chukua mfano ufuatao, ambao si wa mtu fulani, ila wauguzi wa wodi za wazazi watautambua. Muuguzi mpya yuko mwezi wa pili. Asubuhi mlezi anapitia chati za usiku na kukuta za mama mmoja zimeandikwa saa nane na robo, saa nane na nusu, saa tisa kasorobo na saa tisa. Presha ni 110 kwa 70 mara nne, na mapigo ni 80 mara nne. Wino na mwandiko vinafanana kabisa, kana kwamba vimeandikwa kwa mkupuo mmoja. Mwili wa mtu aliyetoka kujifungua hautoi namba zilizonyooka hivyo. Hii ni dalili kwamba vipimo vingine havikufanywa.

Mama alirudi nyumbani salama. Hilo ndilo linalofanya kosa la namna hii kuwa gumu kulisema, maana hakuna aliyeumia.

Mlezi halisemi mbele ya wagonjwa wala kwenye kikao cha kubadilishana zamu. Anamwita kando siku hiyo hiyo, kwa sababu mrejesho uliokaa wiki mbili hugeuka lawama. Anaanza na alichokiona.

"Chati ya mama wa kitanda cha tatu ina vipimo vinne vinavyofanana. Hebu niambie usiku ulikuwaje."

"Sista, nilimpima mara ya kwanza na ya mwisho. Katikati kuna mama mwingine alikuwa anasukuma, na nilikuwa peke yangu. Zile mbili nilijaza."

"Asante kwa kuniambia. Kumkimbilia anayesukuma ulifanya sawa. Kujaza namba ambazo hukupima si sawa, kwa sababu daktari angezisoma na kuamini kwamba mama ametulia. Siku nyingine ukishindwa, acha nafasi wazi na uandike kwa nini. Na unapopita, mguse tumbo hata kama huna muda wa presha."

Mrejesho huo haukusema "jitahidi zaidi", maneno ambayo hayamwambii mtu afanye nini kesho. Wala haukulifunika kosa kwa sifa. Ulitenganisha mambo mawili: kuandika kisichopimwa, ambalo ni kosa la muuguzi, na kuachwa peke yake na wazazi wawili, ambalo ni kosa la ratiba. La kwanza liliandikwa kwenye daftari la ulezi, pamoja na makubaliano kwamba mlezi atasimama naye kwa uzazi tatu zinazofuata na kulipitia tena suala hilo baada ya siku 14. La pili mlezi alilipeleka kwa mkuu wa wodi. Mlezi anayeliacha hilo la pili anamfundisha kijana kwamba udhaifu wa mfumo ataubeba yeye.

Vikao vya tathmini hufanyika mwisho wa mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita, na huhudhuriwa na muuguzi, mlezi na mkuu wa wodi. Muuguzi hujipima mwenyewe kwanza, kisha mlezi husoma alichoandika. Palipo na tofauti kubwa ndipo pa kuzungumza. Kikao cha mwezi wa tatu ndicho kigumu zaidi, kwa kuwa hapo huamuliwa kama mgeni anaweza kushika zamu ya usiku bila mlezi.

Katika mfano wetu, mwezi wa tatu ulipofika muuguzi alikuwa ameiva katika stadi nyingi. Kwenye stadi ya kumwangalia mama baada ya kujifungua, uzazi mbili kati ya tatu zilikwenda vizuri. Katika ule wa tatu alichelewa kwa nusu saa bila kuita msaada. Mkuu wa wodi alikuwa na mapengo mawili kwenye ratiba ya usiku na alitaka saini. Mlezi alikataa kutia saini ukurasa huo.

Kukataa huko si jambo la kawaida. Mtafiti wa Uskoti, Kathleen Duffy, alionyesha mwaka 2003 kwamba wasimamizi wa wanafunzi wa uuguzi huwapitisha hata wanapokuwa na mashaka nao: kwa huruma, kwa kuchelewa kuandika walichokiona, au kwa kuogopa karatasi na lawama. Saini ya huruma haimsaidii kijana. Usiku wa kwanza wa dharura utamkuta peke yake akiwa na karatasi inayosema anaweza.

Kilichoamuliwa ni kwamba ashike zamu za usiku pamoja na muuguzi wa pili kwa wiki nne, huku ukurasa huo mmoja ukibaki wazi. Maana yake ni kwamba mwenzake mmoja alikosa likizo aliyoiomba mwezi huo. Gharama hiyo ilisemwa waziwazi kikaoni, na mkuu wa wodi akaiandika kwenye ombi lake la kuongezewa wauguzi.

Wakazi wana nafasi yao pia. Mama au msindikizaji anaweza kumuuliza muuguzi jina lake na ni nani anayemsimamia. Hilo si dharau. Mama akihisi amelowa, anatetemeka au macho yanafifia, aseme mara moja hata kama ametoka kupimwa. Na ikiwa saa ya kwanza inapita bila mtu kurudi kumgusa tumbo, msindikizaji aende kumwita muuguzi.

Mwezi wa sita kikao hugeuka. Baada ya kurasa zote kupitiwa, muuguzi huulizwa maswali kuhusu mlezi wake: alipatikana wakati wa shida, alisema mambo mapema, alimtuma kufanya jambo kabla hajawa tayari? Majibu huandikwa kwenye daftari lile lile, na mkuu wa wodi huyasoma kabla ya kumkabidhi mlezi huyo mgeni mwingine.